Shikamoo au mambo: namna ya kuamua kabla hujafungua kinywa

Bibi mwenye mkongojo hana utata. Rafiki uliyekaa naye dawati moja naye hana utata. Wa kwanza unampa shikamoo, wa pili unamwuliza "Vipi, mambo?" na kila mtu anashika njia yake. Kazi iko kwa watu wa katikati: dada muuza vocha ambaye huwezi kujua ana 30 au 42, bosi aliyezaliwa baada yako, mjomba unayemzidi miaka, jirani mpya mwenye kitambi cha mzee na sura ya kijana. Hao ndio wanaomfanya mtu atoe simu mfukoni na kujifanya anasoma ujumbe ili wapishane kimya. Na kupita kimya huudhi kuliko salamu yoyote iliyokosewa.

Haya ni mazoea ya Tanzania Bara, zaidi ya mijini, ambako unakutana na wageni kila siku na hakuna anayekujua ni mtoto wa nani. Visiwani na Kenya nitakugusia mbele.

Hatua ya kwanza: mpeleke nyumbani kwenu

Usianze kwa kukisia miaka ya mtu, maana watu wa siku hizi wanaficha miaka vizuri. Jiulize hivi: huyu angezaliwa kwetu, angekaa upande gani? Upande wa wazazi au upande wetu watoto? Anayeweza kuwa mdogo wake mama, hata yule wa mwisho kabisa, ni wa shikamoo. Anayeweza kuwa kaka au dada aliyekuachia ziwa si wa shikamoo, mpe "habari" au "mambo" kadiri mnavyozoeana. Kifungua mimba yuko katikati: nyumba nyingi wadogo humwamkia kaka mkubwa au dada mkubwa, nyumba nyingine hawamwamkii, na ulivyolelewa ndivyo utakavyowatendea watu wa umri wake mtaani.

Ukitaka kipimo cha haraka, mimi hutumia hiki: akikuzidi chini ya miaka 5, acha shikamoo. Akikuzidi zaidi ya 10, toa bila kuwaza. Utata wote umelala kati ya hapo, na una hatua yake chini.

Ila kuna jambo moja ambalo kipimo cha miaka hakilioni. Salamu hufuata siku mliyoanza kujuana. Chukua watu wawili, mmoja ana 40 na mwingine 48. Wakikutana leo kwa mara ya kwanza kazini, watasalimiana "habari za asubuhi" na hakuna atakayejisikia vibaya. Lakini kama walikulia mtaa mmoja, mmoja akiwa darasa la pili na mwenzake kidato cha tatu anayetumwa kuwafukuza watoto uwanjani, yule mdogo atamwamkia mkubwa wake hadi wote waote mvi. Huwezi kuamka siku moja ukaifuta shikamoo uliyoitoa tangu utotoni. Ukimwambia "mambo" kaka uliyekuwa unamwamkia, ataelewa kwamba kuna kitu kimetokea kati yenu, au kwamba umepata hela.

Mwalimu aliyekufundisha yuko kwenye kundi hilohilo. Hata kama alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuzidi miaka 6 tu, ukikutana naye stendi ukiwa na watoto wako, ni shikamoo mwalimu.

Dalili za kumsoma mgeni si mvi wala mavazi. Tazama alio nao. Akiwa na mtoto wa sekondari, mweke upande wa wazazi. Akiwa na mtoto wa mgongoni, hiyo haikuambii kitu, kwa sababu hata kuitwa "mama fulani" hakumfanyi mtu wa miaka 24 awe wa kuamkiwa na wewe wa 27. Dalili nzuri kuliko zote ni masikio yako: subiri kidogo usikie watu wa rika lako wanamwamkiaje, kisha fuata.

Hatua ya pili: uliza undugu kabla ya umri

Ndani ya ukoo, nafasi hupita miaka. Mama mdogo mwenye miaka 22 ni mama. Baba mdogo uliyesoma naye darasa moja ni baba, na wazee wakiwapo sebuleni watataka wasikie ukimwamkia. Mkiwa wawili barabarani mtapigana mabega na kuitana "oya". Watu hawaoni ajabu. Unafiki ungekuwa kumnyima mbele ya wakubwa wake nafasi ambayo ukoo umempa.

Pale ambapo mpwa ni mkubwa sana kuliko mjomba, mathalani mpwa wa 45 na mjomba wa 20, mara nyingi mambo huishia kwenye mzaha: mpwa anasema "shikamoo mjomba" huku anacheka, mjomba anaitikia kwa haya, kisha naye anamwamkia mpwa kwa ajili ya umri. Mkifika hapo mmemalizana vizuri. Usipojua kwenu mnafanyaje, muulize mama mapema, si mbele ya watu.

Hatua ya tatu: usikichanganye cheo na umri

Hapa ndipo vijana wasomi hukosea. Wanadhani kiti kikubwa kinabadilisha mwelekeo wa shikamoo. Hakibadilishi. Meneja wa miaka 34 na dereva wake wa miaka 58 wanaweza kusalimiana hivi kila asubuhi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba bosi. Umeamkaje?"

Umri umepata shikamoo yake, cheo kimepata "bosi" yake, na hakuna aliyepungukiwa. Daktari kijana naye humwamkia mgonjwa mtu mzima kwanza, "Shikamoo mama, pole," ndipo amwulize kinachomsumbua. Akiruka hatua hiyo, mama atajibu maswali kwa mkato.

Kwa hiyo, bosi mdogo kwako humwamkii. Unampa salamu ya heshima isiyo na shikamoo: "Habari za asubuhi, bosi," au unamwita kwa cheo chake, mheshimiwa, mwalimu, daktari, mchungaji. Usimpe "mambo" hata kama yeye anakupa, mpaka uone wenzako nao wanampa. Akikusalimia "Mambo?" wewe jibu "Salama bosi, habari za tangu jana?" na umeshapanda daraja moja bila kumkatalia.

Kuna shikamoo nyingine ambayo kila mtu anaijua lakini haifundishwi: shikamoo ya shida. Dereva mwenye upara amesimamishwa na askari wa usalama barabarani ambaye umri wake ni wa mwanaye wa mwisho, anashusha kioo na kusema "Shikamoo afande!" Askari anajua, abiria wanajua, konda anatazama pembeni. Ukitaka kuonyesha heshima bila kujidhalilisha, "Habari za kazi afande" inatosha kabisa, hata kama leseni umeisahau.

Hatua ya nne: kwa watu wa katikati, tumia salamu isiyo na upande

Umempima na hujapata jibu. Mtu yuko kwenye ile 5 hadi 10. Kwa mwanaume, mimi ningetoa shikamoo. Mwanaume aliyepewa shikamoo kabla ya wakati wake huwa anaitikia kwa sauti nzito kidogo na kujiona. Kwa mwanamke wa mjini mwenye thelathini na kitu, ngoja kwanza. Shikamoo ya mapema kwake inaweza kusikika kama umemwambia amezeeka, na utajibiwa "Marahaba mwanangu!" kwa namna ambayo itawafanya wote waliopo wacheke na wakuangalie wewe.

Kiswahili kina njia ya kutokea hapo. "Habari za saa hizi, dada." "Za asubuhi?" "Habari za kazi?" "Umeshindaje?" Zote zina adabu na hakuna hata moja inayotaja umri wa mtu. Chagua ile inayoendana na alichokuwa anafanya: aliye dukani "habari za kazi," aliye njiani "habari za safari," aliyetoka kuuguza "pole na mgonjwa." Salamu inayoonyesha kwamba umemwona mtu alipo hufuta nusu ya wasiwasi wa shikamoo.

Kisha sikiliza jibu, kwa sababu jibu ndilo litakalokuambia ulipaswa kusema nini. Akijibu "Safi, za kwako?" uko sawa. Akijibu "Nzuri" akanyamaza, huku anakutazama kama anayesubiri kitu, basi anasubiri shikamoo. Wengine husema wazi kwa kukuonyesha njia: "Hujambo mwanangu?" Hapo yeye amejiweka upande wa wazazi. Ukijibu "Sijambo, shikamoo," umerekebisha papo hapo na hakuna aliyeona.

Kanuni ya upande wa pili: "mambo," "vipi," "oya," "niaje" hazitolewi na mdogo kwenda kwa mkubwa hata mkiwa mmezoeana, mpaka mkubwa azianzishe. Hata akizianzisha, jibu "poa" na uache hapo, usiongeze "mzee baba." Mkubwa anaposhuka kuja kwako haimaanishi kwamba umepanda kwenda kwake.

Hatua ya tano: itoe inavyotolewa

Shikamoo nzuri ikitolewa vibaya ni kama hukuitoa. Mdogo ndiye anayeanza. Ondoa kofia, toa vipokea sauti masikioni, toa mkono mfukoni, na kama umekaa na yeye amesimama, nyanyuka. Usipige kelele kutoka ng'ambo ya barabara, sogea au inamisha kichwa tu na usubiri mkaribiane. Usimtangulizie mkubwa mkono, mwache atoe wake kwanza, na ukiupokea shika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko cha mkono huohuo wa kulia. Wanawake Waislamu wengi hawapeani mikono na wanaume wasio maharimu zao, hivyo usipoona mkono usiutafute. Kwa wenyeji wa Kagera na Usukumani wasichana hupiga magoti au hukunja goti kidogo, na mgeni hahitajiki kuiga.

Baada ya "shikamoo" kaa kimya. Wengi huunganisha: "Shikamoo mama naomba nyanya za elfu moja." Hiyo si salamu, ni oda yenye mapambo. Subiri "marahaba," subiri na "hujambo?" inayofuata, jibu "sijambo," ndipo useme haja yako.

Shikamoo moja kwa siku inatosha kwa mtu mmoja. Mkikutana tena saa nane, ni "za tangu asubuhi?" Ukimwamkia mara tatu atadhani umemsahau.

Kwa kundi la wakubwa sema "shikamooni." Kundi likiwa la mchanganyiko, gawanya kwa sauti: "Wazee shikamooni, wengine hamjambo?" Uwapo kwenye daladala au foleni ya hospitali, ambako watu wa kila umri wamebanana, "Habari za asubuhi" moja ya jumla inatosha, kisha unamwamkia peke yake yule mzee aliyekaa jirani nawe.

Mfano: siku ya kwanza ukweni

Tuseme kijana ana miaka 29 na anakwenda kutambulishwa kwa familia ya mchumba wake Tanga. Mchumba ana 26. Nyumba ina watu, na wote wanamwangalia yeye.

Mlangoni anapiga hodi na kusubiri karibu. Wanaomkaribisha ni Waislamu, na yeye pia, hivyo salamu ya kwanza ni ya kuingilia: "Asalaamu aleikum." Hiyo ni ya nyumba nzima na haimtoi kwenye deni la shikamoo. Akishavua viatu na kuingia, anaanza na bibi aliyekaa mkekani pembeni. Wengi wangekimbilia kwa baba mkwe kwenye kochi kubwa, lakini bibi ndiye mkubwa wa nyumba, na baba mkwe atafurahi kuona mama yake ameanza kusalimiwa. Anainama mpaka usawa wake: "Shikamoo bibi." Huenda bibi akamwita "mume wangu" na kumtania. Aupokee utani kwa tabasamu, asiurudishe siku ya kwanza.

Kisha baba mkwe, kisha mama mkwe. Wote shikamoo, na kwa mama mkwe hasogei sana wala hamkazii macho, maana makabila mengi yana miiko ya mkwe na huijui ya nyumba hii bado.

Sasa yule kijana wa kiume aliyekaa karibu na runinga. Ni kaka mkubwa wa mchumba, ana miaka 33. Anamzidi mgeni miaka 4 tu, na mtaani wangepeana "mambo." Lakini mchumba wake humwamkia kaka huyo, na leo mgeni ameingia nyumbani humo kupitia kwa mchumba. Ningemshauri aseme "Shikamoo kaka." Yaelekea kaka ataikataa kwa kucheka, "Aa, shemeji bwana, habari za safari!" na kumpa mkono. Amepewa, akakataa mwenyewe. Tangu hapo watakuwa mashemeji wa "vipi shemeji," na ni yeye aliyefungua mlango.

Jikoni anatoka msichana wa miaka 23 na sinia la chai. Kijana anakaribia kusema "mambo dada." Asiseme. Huyo ni mdogo wake mama mkwe wa tumbo moja, mama mdogo wa mchumba, yaani ni mkwe pia. Angalijuaje? Angemwuliza mchumba usiku uliotangulia: nitawakuta nani, na wewe unawaamkia akina nani? Swali hilo moja lingemaliza kazi. Asipokuwa ameuliza, "Habari za saa hizi?" yenye adabu itamvusha mpaka atakapotambulishwa, na akishatambulishwa atasema "Ooh, mama mdogo, shikamoo," na kila mtu atacheka kwa wema.

Wadogo wa mchumba watamwamkia yeye. Aitikie "marahaba" bila kusita na kuwauliza hali. Akiwaambia "aa, msiniamkie, mimi bado kijana," amemfundisha mama mkwe kwamba hajajiandaa kuwa mtu mzima wa nyumba.

Unapokosea

Ukimpa mtu "mambo" ukagundua ni mkubwa, usijieleze kwa maneno marefu. "Samahani mama, shikamoo" inatosha. Ukimpa shikamoo mtu wa rika lako, usiiondoe wala usianze kueleza kwamba giza lilikudanganya. Mwache akatae mwenyewe. Kosa lisilorekebishika haraka ni moja: kuitikia "marahaba" kwa mkubwa wako aliyekuamkia kwa bahati mbaya. Mzee asiyeona vizuri akikupa shikamoo, mrudishie yake palepale: "Aa mzee, shikamoo wewe!"

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi kwa sababu sura haipo. Namba usiyoijua, anza na "habari za saa hizi" na usikilize sauti. Kwenye ujumbe wa maandishi, andika neno zima. "Shkm" kwa rafiki wa baba inasomeka kama mtu aliyesalimia huku anakimbia.

Ukivuka mpaka

Visiwani Unguja na Pemba shikamoo iko hai sana, na watoto wana "chei chei" yao ambayo mkubwa huiitikia "marahaba" vilevile. Salaam aleikum hutangulia karibu kila mahali. Mombasa na Lamu utaeleweka bila shida, na utasikia pia subalkheri na masalkheri. Nairobi mambo ni tofauti: watu wengi wanaijua shikamoo kutoka shuleni lakini hawaitumii kila siku, na kijana akimwamkia hivyo mlinzi wa geti, mlinzi atauliza kama ametoka Tanzania. Huko heshima hubebwa na "habari yako mzee" au "habari mama," na "sasa" na "niaje" hubaki kwa marika. Kongo, miji kama Lubumbashi na Bukavu, "jambo" ndiyo salamu ya kawaida, hata kwa mtu mzima, na huongezwa "mama" au "papa" ili iwe na adabu.

Zamu yako ya kuamkiwa

Itafika, na kwa kawaida humkuta mtu kabla hajawa tayari: kijana wa kupakia mizigo stendi anasema "Shikamoo" na unageuka kuangalia nyuma yako nani kapita. Kama anayekuamkia ni mtoto wa shule, itikia, hata kama una miaka 25. Kumkatalia mtoto shikamoo ni kumchanganya, kwa sababu nyumbani amefundishwa kuitoa na atashindwa kuelewa alikosea wapi. Kama ni mtu mzima mwenzako unayehisi mko rika moja, unaweza kukataa, lakini kataa kwa kumrudishia salamu nyingine mara moja: "Aa, sisi sawa bwana, za kazi?" Ukikataa ukanyamaza, amebaki ameinua mkono hewani. Na kama amekuamkia mara ya pili baada ya wewe kukataa, basi ameshaamua, itikia tu "marahaba" na umwulize watoto hawajambo.